Kila nikiuliza ofisi ya udahili narudishiwa kiungo

Shikamoo Mama,

Namalizia shahada ya kwanza na nataka kuomba nafasi ya shahada ya uzamili katika chuo kikuu cha nchi nyingine. Ofisi yao ya udahili nimeshaiandikia zaidi ya mara moja. Barua yangu ilikuwa hivi:

"Mheshimiwa Bwana au Bibi, natumaini hujambo na unaendelea vyema na majukumu. Mimi ni kijana mwenye bidii na nina ndoto ya muda mrefu ya kusoma katika chuo chenu kitukufu. Naomba kwa heshima zote unijulishe utaratibu wa kujiunga, mwisho wa maombi, gharama zote na nyaraka zinazohitajika. Naomba pia kujua kama kuna ufadhili. Nategemea ukarimu wako."

Jibu ni lile lile: wananishukuru, kisha wananipa kiungo cha ukurasa ambao nimeshausoma. Ukurasa unasema mwisho wa maombi ni tarehe 15 Januari na kwamba cheti cha shahada kinatakiwa. Matokeo yangu ya mwisho yatatoka Februari, na cheti chenyewe kitachukua miezi mingine. Tena jina langu kwenye vyeti halilingani na lile la kwenye pasipoti. Ada ya maombi inalipwa kwa benki, na nahofia nikilipa halafu nikakataliwa kwa sababu ya cheti, pesa itakuwa imekwenda. Niandikeje ili nijibiwe, bila kuonekana msumbufu?

Mwombaji wa mbali

---

Marahaba mwanangu.

Adabu umeonyesha ya kutosha, hata imezidi kidogo. Kilichopungua kwenye barua ile ni kitu cha kujibu. Angalia ulichoniandikia mimi: tarehe ya matokeo, tarehe ya mwisho ya chuo, tatizo la jina, wasiwasi wa ada. Hayo ndiyo walipaswa kuyasoma wao, na hata moja hukuwaambia.

Nimekaa upande wa ofisi inayopokea barua hizi, kwa hiyo nikueleze zinavyosomwa. Barua huingia kwenye sanduku moja linalotumiwa na makarani kadhaa. Anayefungua ya kwako anatafuta kwanza mambo mawili: huyu anaomba programu gani na ya muhula upi, na anauliza nini ambacho ukurasa wetu haujajibu. Asipoyaona, anabandika jibu lililokwishaandaliwa na kufungua barua inayofuata. Hajakudharau. Ukimwuliza "gharama zote" hana namba moja ya kukupa, kwa sababu ada hutofautiana kwa programu, kwa ngazi ya masomo, kwa mwaka, na kwa kutegemea kama mwombaji ni raia au mgeni. Akikutajia namba isiyo yako atakuwa amekupotosha kwa maandishi ya ofisi. Kiungo ni salama zaidi kwake.

Basi kazi yako ni kuandika barua ambayo kiungo hakiwezi kuijibu.

Tuanze na tarehe, maana ndiyo inayokubana. Tarehe inayotangazwa kwa herufi kubwa mara nyingi ni moja tu kati ya kadhaa. Kuna mwisho wa kujaza fomu na kulipa ada ya maombi. Vyuo vingine vina tarehe nyingine ya kupandisha nyaraka, na nyingine ya walimu wako kutuma barua za mapendekezo. Ukishapata nafasi inakuja tarehe ya kuithibitisha. Baadhi ya vyuo pia huwawekea waombaji wa kigeni mwisho wa mapema zaidi, kwa kuwa viza inahitaji muda. Kwa hiyo usiulize "mwisho wa maombi ni lini?" Hilo wamelijibu. Uliza kama tarehe 15 Januari inahusu fomu peke yake au fomu pamoja na kila nyaraka. Jibu la swali hilo linaweza kukumalizia nusu ya shida yako.

Hapo hapo kuna jambo dogo linalowaponza watu: saa. Mfumo wa maombi hufungwa kwa saa za chuo, isipokuwa wameandika vinginevyo. Tuseme wewe uko UTC+3, yaani saa tatu mbele ya saa ya kimataifa, chuo kiko UTC−5, yaani saa tano nyuma yake, na mfumo unafungwa saa 23:59. Kwako itakuwa saa 07:59 asubuhi ya siku inayofuata, kwa hiyo una nafasi ya ziada. Lakini chuo kikiwa UTC+9, saa 23:59 yao ni saa 17:59 yako ya jioni. Ukipanga kutuma usiku baada ya kazi, utakuta mlango umefungwa saa nyingi zilizopita. Na ukiona imeandikwa saa 00:00 ya tarehe 15, elewa kuwa huo ni usiku wa kuamkia tarehe 15. Siku yako ya mwisho ya kufanya kazi ni tarehe 14.

Sasa cheti. Vyuo vingi vinafahamu kuwa mtu anaweza kuomba uzamili kabla hajahitimu, na ndiyo maana kuna udahili wa masharti: unapewa nafasi kwa matokeo uliyo nayo, kisha unaleta ya mwisho kabla ya kusajiliwa. Lakini si kila programu inakubali, na inayokubali huwa na nyaraka yake inayoitaka badala ya cheti. Mara nyingi huwa transkripti ya miaka uliyokwishamaliza, pamoja na barua ya msajili wa chuo chako inayosema umefikia mwaka gani na unatarajiwa kumaliza lini. Ukiuliza "je, naweza kuomba bila cheti?" utajibiwa "soma vigezo." Taja nyaraka uliyo nayo mkononi na tarehe ambayo inayokosekana itapatikana. Karani akiona nyaraka na tarehe anaweza kusema ndiyo au hapana. Akishindwa, anajua ampelekee nani.

Uliza pia nyaraka inatakiwa kufika kwa njia gani, kwa sababu hapa maombi mengi hukwama bila mwenyewe kujua. Kuna vyuo vinavyoridhika na skani uliyoipandisha wewe, kisha vinataka nakala halisi ukishapata nafasi. Vingine vinataka transkripti itoke kwa msajili moja kwa moja, ama kwa barua pepe rasmi ama kwenye bahasha iliyofungwa na kugongwa mhuri kwenye kifuniko. Bahasha ya namna hiyo ukiifungua "kuhakikisha tu" imeshapoteza thamani. Na wakisema wanataka nakala iliyothibitishwa, uliza inathibitishwa na nani: wakili, msajili, au ubalozi. Nakala iliyothibitishwa vizuri ina maneno kwamba ni nakala sahihi ya halisi, jina na cheo cha aliyethibitisha, sahihi yake, mhuri na tarehe. Mhuri peke yake, bila jina, ndio ninaoukumbuka ukirudishwa kila msimu. Cheti halisi usikitume hata wakikuhimiza, labda iwe wamekuandikia kuwa lazima na jinsi kitakavyorudi.

Jina ni swali fupi lakini usiliache. Nafasi, risiti na barua ya viza huenda na jina la pasipoti, kwa hiyo fomu ijazwe kwa jina la pasipoti, herufi kwa herufi. Kisha unahitaji nyaraka ya kuunganisha majina mawili: hati ya kiapo, hati ya kubadili jina, au cheti cha ndoa kama ndicho chanzo. Waulize ni ipi wanayokubali. Usisubiri wagundue wenyewe, kwa sababu mara nyingi huligundua siku ya kutoa barua ya viza, wakati muda umekwisha.

Tufike kwenye pesa. Tenganisha ada tatu ambazo waombaji huzichanganya. Ada ya maombi ni malipo ya kushughulikia fomu yako, na kwa kawaida hairudishwi, upate nafasi au usipate. Ada ya masomo ni ile kubwa ya mwaka au muhula. Katikati yake vyuo vingine hudai amana ya kushikilia nafasi, ambayo mara nyingi hukatwa kutoka ada ya masomo lakini ina masharti yake ya kurudishwa, hasa ukinyimwa viza. Kwa hatua uliyopo, ya amana hayakuhusu bado. Swali lako ni moja: nisilipe ada ya maombi kabla sijajua kama nastahili kuomba. Na hilo unalitatua kwa mpangilio tu, yaani uliza la cheti kwanza, lipa baadaye. Kama ada yenyewe inakuelemea, uliza kama kuna msamaha wa ada ya maombi na unaombwa kabla ya lini. Baadhi ya vyuo vinao, na hukubaliwa kabla ya kulipa, si baada.

Kuhusu benki, fedha inayovuka mpaka inaweza kupita benki ya katikati, nayo ikajikatia chake. Ukituma 100, ya fedha yoyote ile, ikakatwa 15, chuo kinaona 85 na mfumo unaandika kuwa ada haijakamilika, wakati wewe una risiti ya 100 mkononi. Kwenye fomu ya benki kuna sehemu ya nani anabeba makato. OUR maana yake mtumaji anabeba yote, SHA mnagawana, BEN anabeba mpokeaji. Chagua OUR, na kwenye sehemu ya maelezo andika namba yako ya ombi. Namba ya akaunti ichukue kwenye mfumo wa maombi au tovuti rasmi ya chuo. Ikija kwa barua pepe, hata barua yenye nembo nzuri, hakikisha inafanana na ile ya kwenye mfumo kabla hujatuma kitu.

Ufadhili uuondoe kabisa kwenye barua hii. Mara nyingi una ofisi yake, na ukiuchanganya humu, barua nzima inaweza kusukumwa kwa watu wa ufadhili, nao wakakujibu la ufadhili tu.

Nimekuandikia mfano. Weka mambo yako, kisha uigeuze kwa lugha wanayotumia chuoni. Programu na muhula nimebuni, tarehe nyingine ni zako. Ukijisajili kwenye mfumo wa maombi, mara nyingi unapewa namba hata kabla ya kulipa, na barua yenye namba hupata jibu haraka kuliko isiyo nayo, kwa sababu karani anafungua faili badala ya kukisia.

Kichwa cha barua: Ombi na. [namba], Uzamili wa Afya ya Jamii, Septemba: matokeo ya mwisho kutoka baada ya 15 Januari

"Ndugu Afisa Udahili,

Naandaa ombi la Uzamili wa Afya ya Jamii kwa muhula wa Septemba, nikiwa mwombaji wa kigeni. Nimesoma ukurasa wa vigezo vya programu na wa ada, na nimebakiwa na maswali matatu ambayo sikuyaona yakijibiwa hapo.

1. Matokeo yangu ya mwisho ya shahada ya kwanza yatatangazwa Februari, na cheti kitatolewa miezi kadhaa baadaye. Kufikia tarehe 15 Januari nitakuwa na transkripti ya mihula yote iliyotangulia na barua ya msajili inayoonyesha tarehe ninayotarajiwa kuhitimu. Je, nyaraka hizi mbili zinatosha kuwasilisha ombi? Kama zinatosha, cheti kinapaswa kuwafikia kabla ya tarehe gani?

2. Transkripti niipandishe mwenyewe kwenye mfumo, au itumwe kwenu na msajili wa chuo changu?

3. Jina la ukoo kwenye vyeti vyangu limeandikwa tofauti na pasipoti. Nitajaza fomu kwa jina la pasipoti. Je, hati ya kiapo inakubalika kama uthibitisho?

Ada ya maombi nitailipa nikishapata jibu la swali la kwanza.

Nashukuru kwa muda wako.

[Jina kama lilivyo kwenye pasipoti]
[Namba ya ombi]"

Umeona haina "chuo kitukufu" wala ndoto. Hizo ziweke kwenye barua ya maelezo binafsi, ambako kuna kamati inayosoma mambo hayo. Heshima humu imo kwenye kuonyesha kuwa umesoma kwanza, na kwenye "nashukuru" moja. Sentensi ya ada nimeiweka makusudi: inamweleza karani kwa nini unahitaji jibu kabla ya tarehe, bila kumsukuma.

Maswali matatu yanatosha. Ukiweka kumi, atajibu mawili yaliyo mepesi na kufunga. Na usiambatishe pasipoti wala vyeti kwenye barua ya kuuliza. Hajaviomba, na hakuna haja ya pasipoti yako kuzagaa kwenye sanduku linalofunguliwa na watu wengi. Usiitume pia kwa anwani tano kwa wakati mmoja. Kila mmoja ataona mwenzake yumo, atasubiri yeye ajibu. Kama ukurasa wa programu una mratibu wake, swali la kwanza anaweza kulijua kuliko ofisi kuu, lakini mwandikie yeye peke yake, baada ya ofisi ya udahili kushindwa kukujibu.

Waandikie mapema. Wiki mbili za mwisho kabla ya 15 Januari sanduku linafurika, na vyuo vingi huwa na likizo ya mwisho wa mwaka ndani ya kipindi hicho hicho. Ukiandika Oktoba au Novemba utasomwa na mtu aliyetulia. Tovuti yao ikisema wanajibu ndani ya siku kadhaa za kazi, subiri ziishe, kisha jibu juu ya barua ile ile ya kwanza, sentensi moja: "Naulizia kwa unyenyekevu kama mmepata nafasi ya kuangalia swali la kwanza hapo chini." Ukianzisha barua mpya unaanza foleni mpya, na pengine atakayeipokea ni karani mwingine asiyejua lolote.

Jibu likija, lisome kama mkataba. "Ndiyo, wasilisha na transkripti uliyo nayo, cheti kifike kabla ya usajili" ni ruhusa, na unaweza kulipa ada. "Maombi yasiyokamilika yanaweza yasishughulikiwe" si ruhusa wala si katazo, na hapo ndipo watu wanapopoteza ada zao. Rudi kwa upole: "Nashukuru. Ili nielewe vizuri, je, ombi langu likiwa na nyaraka hizo mbili bila cheti litahesabika kuwa limekamilika?" Wakisema hapana, pesa yako iko salama, na swali linalobaki ni kama kuna muhula mwingine wa kujiunga baada ya cheti kutoka.

Wakisema ndiyo, ihifadhi barua hiyo kama PDF, ikionyesha tarehe na anwani ya aliyetuma. Siku ya kuwasilisha, mahali pa kupandisha cheti, pandisha faili moja lenye barua ya msajili ukurasa wa kwanza na jibu lao ukurasa wa pili. Atakayekagua faili lako Januari huenda asiwe yule aliyekujibu Novemba, na mfumo ukiona nafasi ya cheti iko tupu unaweza kuliweka ombi kwenye kundi la yasiyokamilika kabla binadamu hajaliangalia.